Bakuli lililobonyea: kisa cha kutathmini kazi ya karatasi chakavu katika Gredi ya 5

Bakuli lile lilikuwa zuri kuliko yote 42 yaliyokuwa mezani. Limepakwa buluu nje na nyeupe ndani, ukingo umekatwa sawasawa kwa mkasi, na juu ya ile buluu mwenyewe amechora mawimbi kwa ncha ya njiti ya kiberiti. Nililipa alama 24 kati ya 25. Saa tatu asubuhi nikaweka ndani yake pakiti ya chumvi ya nusu kilo, kwa sababu mwalimu mwenzangu wa Gredi ya 6 alikuwa ameniuliza kama mabakuli haya yanabeba kitu au ni ya kutazamwa tu. Mapumziko yalipofika, kitako kilikuwa kimebonyea kama mkate uliolowa na pakiti imelala ubavu.

Kando yake lilikuwapo bakuli la kijana anayekaa karibu na mlango. Mdomo wa bakuli hilo ulikuwa umepinda na rangi imechuruzika. Hilo nililipa 14. Pakiti ileile ya chumvi ilikaa humo mpaka kengele ya jioni, na bakuli halikuyumba.

Shule yetu iko pwani, kaunti ya Kilifi. Somo ni sanaa bunifu, na kazi ilikuwa bakuli la papie mashe, yaani karatasi chakavu zinazopandishwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga. Siku ile nilianza kujiuliza alama 24 nilizitoa kwa kitu gani hasa, na jibu lilinirudisha kwenye andalio langu la somo, siyo kwa mtoto.

Andalio nililiandika kwa vipindi vitano. Cha kwanza kilikuwa cha dakika 35, na vinne vilivyofuata nilivioanisha viwiliviwili ili nipate dakika 70 kwa mkupuo, kwa kuwa kazi ya gundi haifanyiki kwa nusu saa: watoto 42 wakishatandaza magazeti mezani na kukunja mikono ya sare, dakika 10 zimekwenda. Swali dadisi lilikuwa: tunawezaje kugeuza karatasi tunazotupa kuwa chombo cha nyumbani? Kama kichocheo niliwaeleza habari za Flipflopi, jahazi lililojengwa Lamu kwa takriban tani 10 za plastiki chakavu na kuvikwa ndara zipatazo 30,000, likashushwa majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja. Wengi walishalisikia. Mmoja akauliza mafundi walijuaje kwamba plastiki itakubali msumari na randa kama mbao. Nikamjibu kwamba bila shaka walijaribu kwanza, kisha nikaendelea na somo. Leo naona swali lile ndilo lilikuwa somo lenyewe, nami nililipita.

Vifaa havikutugharimu sana. Magazeti yalitoka ofisini na dukani, daftari zilizojaa zikatoka kwa watoto, na unga wa ngano ulikuwa pakiti moja ya kilo 2, iliyotosha darasa zima na kubaki. Kalibu yalikuwa mabakuli ya plastiki yenye upana wa sentimita 16 hivi, ambayo kila mtoto aliazima kwao. Hapa pana sharti moja ambalo halina mjadala: kalibu lazima liwe limepanuka mdomoni kuliko tumboni. Chombo chenye umbo la mtungi hakitatoka kamwe bila kukatwa. Kalibu hupakwa mafuta ya kupikia au kufunikwa kwa karatasi ya mkate. Mifuko laini ya plastiki hatunayo tena tangu marufuku ya Agosti 2017, na kwa kazi hii karatasi ya mkate inafaa hata zaidi kwa sababu ni nyepesi na hukaa bila kujikunja. Mtoto mmoja alileta mfuko wa simiti. Karatasi yake ni ngumu na inavutia, lakini vumbi linalobaki ndani huunguza ngozi likikutana na maji, kwa hiyo nikaukataa. Badala yake tulichukua pakiti za khaki za unga wa mahindi.

Gundi huanza kwa kikombe kimoja cha unga kwa vikombe vitano vya maji. Unga hukorogwa kwanza kwa maji baridi kidogo mpaka usiwe na mabuje, kisha humiminwa kwenye maji yanayochemka na kuachwa utokote dakika mbili tatu hadi uwe kama uji wa mtoto. Niliongeza kijiko cha chumvi kwa kila lita ili kuchelewesha kuvu. Karatasi haikatwi kwa mkasi, inachanwa. Ukingo uliochanwa huwa na manyoya yanayoshikana na jirani yake, ilhali ukingo wa mkasi huacha ngazi unayoihisi kwa kidole hata baada ya kupaka rangi. Gazeti pia lina mwelekeo wa nyuzi: upande mmoja linachanika kwa mstari ulionyooka, upande wa pili linakwenda ovyo. Watoto huligundua hilo wenyewe ndani ya dakika moja ukiwaachia.

Niliagiza tabaka sita, gazeti na daftari kwa kupokezana. Nilipanga hivyo kwa sababu moja tu: mtoto anayefunika bakuli lote kwa gazeti hapotezi hesabu anapoanza karatasi nyeupe ya daftari, na sehemu aliyoiruka inaonekana mara moja. Sikujua kwamba mpangilio huo ndio utakaonieleza ukweli wote mwishoni.

Kosa la kwanza lilikuwa la kalenda. Kazi niliiweka mwanzoni mwa muhula wa pili, mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea. Tabaka mbili au tatu huhitaji karibu siku nzima kukauka penye hewa, na hapo ndipo tabaka nyingine ziongezwe. Kwetu mwezi wa Mei siku nzima haitoshi. Baada ya siku tatu darasa lilinuka kama pombe ya mnazi iliyolala, na mabakuli kadhaa yalikuwa na madoa ya kijivu na kijani. Niliwaambia watoto wayapeleke nyumbani wakayaanike jua likichomoza. Kwa neno hilo niliondoa kazi machoni pangu katika hatua ambayo ilihitaji kuangaliwa kuliko zote.

Ukavu wa karatasi haupimwi kwa macho. Tabaka la juu hukauka na kupauka, la ndani bado ni uji. Njia rahisi ni kuligusisha bakuli shavuni: likiwa bichi ndani, shavu litahisi ubaridi, kwa sababu maji bado yanatoka na kubeba joto. Likiwa kavu, lina joto la hewa ya chumba, na ukiligonga kwa ukucha linatoa sauti kavu kama ganda la nazi. Kipimo hiki nilikifahamu lakini sikukifundisha. Kwenye andalio niliandika tu "waanike mpaka ikauke".

Sasa turudi kwenye bakuli la buluu. Baada ya kubonyea niliutazama ukingo wake kwa karibu. Kwa kuwa ulikatwa kwa mkasi, tabaka zilionekana kama kurasa za kitabu: kijivu, nyeupe, kijivu. Tatu tu. Kitako kwa nje kilikuwa na doa la hudhurungi chini ya rangi, alama ya kuwekwa karibu na jiko. Na nilipoligusisha shavuni, lilikuwa la baridi. Rangi ilipakwa juu ya karatasi mbichi ikafungia maji ndani, na kila palipoguswa na uzito ndani yake palilainika.

Nikamwita mwenyewe, msichana wa dawati la dirishani, wakati wa mapumziko. Sikumuuliza kama kadanganya. Nilimwambia, "Mwanangu, naona hili lina tabaka tatu. Lile la kwanza lilikwendaje?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, lile la kwanza liliota kuvu. Nililificha."

Kesho yake alilileta ndani ya pakiti ya unga. Lilikuwa bakuli la tabaka sita, nene, lenye umbo zuri, lililofunikwa kuvu jeusi ndani kote. Nje halikuwa na doa hata moja. Akanieleza kwamba aliogopa mvua, akalifunika kwa karatasi ya mkate na kuliweka kabatini, tena bila kulitoa kwenye kalibu. "Ndani halikupata upepo," akasema, "nje lilipata kidogo." Halafu usiku wa kuamkia siku ya maonyesho alitengeneza jingine, akalikausha kando ya jiko la makaa la mamake, akalipaka rangi alfajiri.

Maneno yale, "ndani halikupata upepo, nje lilipata kidogo", ndiyo uchunguzi bora wa nyenzo niliousikia darasa zima. Aliona tofauti, akatafuta sababu, na sababu yake ilikuwa sahihi. Lakini karatasi yangu ya alama haikuwa na mahali pa kuyaweka. Mbaya zaidi, ilimfundisha kuyaficha. Alama 20 kati ya 25 zilikuwa za bidhaa: umbo, umaliziaji, rangi, usafi, tano tano. Zile tano zilizobaki niliziita "mchakato", na nilizigawa siku ya mwisho kwa kumbukumbu. Kumbukumbu ya mwalimu mwenye watoto 42 haibebi mchakato. Inabeba nani alikuwa mtulivu na nani alimwaga gundi. Yeye ni mtulivu, nikampa tano. Kijana wa mlangoni alimwaga gundi mara mbili, nikampa tatu.

Kuhusu huyo kijana: wakati nakusanya takataka za darasa nilikuta chini ya dawati lake vipande vitatu vya karatasi ngumu, kila kimoja ukubwa wa kiganja, vimeandikwa kwa penseli "nyepesi", "kati", "nzito". Alikuwa amejaribu gundi tatu. Kile cha nyepesi kilifunguka tabaka kwa tabaka ukikipinda. Cha nzito kilikuwa na nyufa juu, na katikati kilikawia kukauka. Cha kati kilipinda kikarudi. Hakuna aliyemwagiza. Bakuli lake alilitengeneza kwa gundi ya kati, tabaka sita, akaliondoa kwenye kalibu baada ya tabaka ya tatu ili upepo uingie pande zote mbili, kisha akaendelea bila kalibu. Ndiyo maana mdomo ulipinda: bakuli bichi lisiloshikiliwa hujikunja kuelekea upande unaokauka haraka. Kasoro niliyomkata alama ilitokana na uamuzi uleule uliolifanya bakuli lake liwe kavu.

Nilichobadilisha kwanza ni kauli ya kazi. "Tengeneza bakuli la mapambo" ilinipa mapambo. Kauli mpya inasema: tengeneza bakuli la kuwekea funguo na chenji karibu na mlango wa kwenu, lisilopungua upana wa sentimita 15, lenye kubeba nusu kilo kwa siku nzima. Hapo bidhaa inapimika, na mtoto ana sababu ya kujaribu kabla ya kujenga.

Kisha alama. Sasa ni 20, katika vigezo vitano vya alama nne kila kimoja, ili kila kigezo kiendane na viwango vinne tunavyoripoti: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Vitatu ni vya mchakato. Kigezo cha jaribio kinatazama vipande vya majaribio na kama mtoto alivipinda, akavigonga, akavilinganisha. Kigezo cha uamuzi kinatazama kama aliyoyaona yalibadilisha alichofanya, na kama anaweza kusema kwa nini. Kigezo cha ufuatiliaji kinatazama kadi yake ya kazi, ambayo hujazwa mistari miwili mwishoni mwa kila kipindi ikiwa na tarehe, kwa penseli kwa sababu wino wa baadhi ya kalamu huchuruzika ukiguswa na gundi. Viwili ni vya bidhaa: je, linafanya kazi liliyotengenezewa, na je, umbo na umaliziaji wake vimeshughulikiwa.

Rangi sikuipa kigezo chake. Mtoto mwenye ndugu fundi wa rangi atapata rangi nzuri, na asiye naye atapaka kwa rangi ya chakula. Imeingia ndani ya umaliziaji, basi.

Nilipoyapima mabakuli mawili upya kwa vigezo hivi, kijana alipata 4 kwa jaribio, 4 kwa uamuzi, na 2 kwa ufuatiliaji, kwa kuwa vipande vilikuwapo lakini havikuwa na tarehe wala maelezo. Kwa bidhaa alipata 4 kwa kazi na 2 kwa umaliziaji. Jumla 16. Msichana, kwa bakuli la buluu peke yake, angepata 1, 1 na 1 kwa mchakato, kisha 1 kwa kazi na 4 kwa umaliziaji. Jumla 8. Nilipoliweka mezani bakuli la kuvu pamoja na maelezo yake, mchakato ulibadilika: 3 kwa jaribio, maana bakuli lililooza lilikuwa jaribio hata kama hakulikusudia, na 2 kwa uamuzi, maana sababu aliijua ila bakuli la pili alilijenga kwa haraka bila kuitumia. Ufuatiliaji ukabaki 1. Jumla ikawa 11.

Alama za bidhaa sikuzigusa. Mwalimu mwenzangu alitaka nimwongezee kidogo kwa sababu amesema kweli, na nilielewa moyo wake. Lakini bakuli lilibonyea, na mtoto aliliona likibonyea. Ningempa 3 kwa kazi angejua kwamba alama zangu hazihusiani na kitu kilicho mbele yetu, na zile 3 za jaribio nazo zingepoteza uzito. Vilevile mchakato mzuri haunyooshi mdomo uliopinda: kijana alibaki na 2 zake za umaliziaji, nami nikamwonyesha jinsi ya kulirudisha bakuli kwenye kalibu saa chache kila siku wakati wa kuanika.

Mwenzangu alikuwa na hoja nyingine iliyonipa kazi zaidi. Alisema mchakato ukibeba 12 na bidhaa 8, mtoto anaweza kuonekana amefaulu bila kutengeneza chombo chochote kinachofaa. Ni kweli, hesabu inaruhusu. Nilifikiria kugawa nusu kwa nusu, lakini nikaona tatizo liko kwenye kujumlisha. 11 ya msichana yule haimwambii mzazi lolote: inaweza kuwa mtoto aliyejaribu vizuri na kujenga vibaya, au kinyume chake. Kwa hiyo kwenye kadi inayokwenda nyumbani naandika viwango viwili kando kwa kando, kimoja cha mchakato na kimoja cha bidhaa. Pale shule inapotaka alama moja, nakubali kiwango cha "kufikia matarajio" kwa sharti kwamba hakuna upande ulio chini ya nusu. Chini ya hapo, mtoto anapewa wiki moja kurekebisha upande uliopungua, si kazi yote.

Lililokuwa gumu kwa kweli ni kuuona mchakato unapotokea. Ndani ya dakika 70 siwezi kukaa na watoto 42. Sasa nawagawa 14 kwa kila moja ya vikao vitatu vya kazi ya mikono, na kila mmoja nampa dakika moja na maswali mawili: "Umebadilisha nini tangu juzi?" na "Umejuaje?" Jibu lake naliwekea alama moja kwenye orodha ya darasa papo hapo. Anayejibu "nimeongeza tabaka" amejibu nusu. Anayejibu "nimeongeza hapa chini kwa sababu nilipobonyeza kidole kiliingia" amejibu lote. Kasoro ya njia hii ni kwamba walioulizwa kikao cha kwanza wana machache ya kusema, kwa hiyo naanza na wale ambao kadi zao zina maandishi mengi, na wanaosuasua nawaacha kikao cha pili, wakati bado pana nafasi ya kuwasaidia. Kadi nazo zina mtego wake. Ikijazwa yote siku moja utaijua kwa penseli: ncha ileile, mkandamizo uleule, na hakuna doa la gundi hata moja. Kadi ya kazi iliyokuwa mezani na mtoto anayefanya kazi huwa chafu.

Ya mwisho ni kalenda. Kazi nimeihamishia mwishoni mwa Januari, wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu na upepo unaingia madirishani toka asubuhi. Kikao cha kwanza hakijengi chochote. Kila jozi hutengeneza vipande vitatu vya gundi tofauti, huviandika, na kikao kinachofuata huanza kwa kuvipinda. Tabaka tatu za mwanzo zinapandishwa Jumanne, bakuli linatolewa kwenye kalibu Alhamisi na kupita kwenye shavu la mwenyewe kabla ya tabaka nyingine. Hakuna bakuli linalolala nje ya shule. Tumefunga kamba mbili ukutani nyuma ya darasa na kutandika wavu wa zamani wa kuvulia, mabakuli yanakaa juu yake kifudifudi, upepo unapita chini na juu. Panya walitutembelea wiki ya kwanza, maana gundi ni unga, ndipo tukaupandisha wavu mpaka usawa wa dirisha.

Bakuli la kuvu nimelihifadhi, limefungwa ndani ya chupa kubwa ya plastiki yenye kifuniko ili watoto wasivute hewa yake. Linaletwa kikao cha kwanza likiwa ndani ya chupa yake na kupitishwa mezani. Msichana wa dirishani yuko Gredi ya 6 sasa. Mwaka huu aliniomba aje awaeleze wadogo zake mwenyewe kwa nini ndani lilioza na nje halikuoza, na nikampa dakika 10 za mwanzo.